Mchanga jichoni mwa Rajabu

Mama Rajabu, 17:42
Shikamooni wakubwa. Rajabu kaingiwa na kitu jichoni huko kwenye ujenzi, upepo ulipiga akiwa anachekecha. Kalifikicha njia nzima. Limekuwa jekundu na machozi yanamchuruzika tu. Nimfanyeje?

Bibi, 17:44
Maskini mjukuu wangu. Sisi tulikuwa tunalamba jicho kwa ulimi, kitu kinatoka. Au omba maziwa kwa jirani anayenyonyesha.

Zawadi, 17:46
Shikamoo bibi. Naomba leo tusimlambe wala tusimtie maziwa. Jicho lililofikichwa na mchanga huenda tayari lina mkwaruzo, na mate yana vijidudu vyake. Shangazi, kwanza muulize: alikuwa anachekecha mchanga mtupu, au saruji ilishachanganywa?

Mama Rajabu, 17:48
Mchanga mtupu. Mfuko wa saruji walikuwa hawajaufungua.

Zawadi, 17:52
Afadhali. Ingekuwa saruji au chokaa ningekwambia ummwagie maji saa hiyo hiyo, hata ya bombani, nusu saa nzima bila kupumzika, ndipo mkimbie hospitali. Saruji ikilowana inaunguza jicho, na chembe zikijificha chini ya kope zinaendelea kuunguza. Mchanga unakwaruza tu, kwa hiyo tuna nafasi ya kufanya kwa utulivu.

Nawa mikono kwa sabuni, na yeye anawe. Chukua maji ya kunywa ya chupa, au yaliyochemshwa yakapoa, yasiwe ya baridi ya friji. Mlaze ubavu, upande wa jicho bovu uwe chini, ili maji yasiende kwenye jicho zima. Mfungue kope kwa vidole viwili, ukishika kwenye mfupa bila kukandamiza jicho, kisha mimina taratibu kutoka kona ya puani kuelekea sikioni. Maji yateleze juu ya jicho, usiyapige kwa nguvu. Mwambie atazame juu, chini, kulia, kushoto wakati unamimina. Maliza chupa nzima.

Baba Mdogo Seif, 17:55
Hata mimi kila kiangazi vumbi likianza macho yananiwasha sana. Hayo maji ya chupa na mimi nijaribu?

Zawadi, 17:56
Baba mdogo, yako ni macho yote mawili na yanawasha. Hilo ni jambo jingine, tutaliongea. Ngoja tummalize Rajabu.

Mjomba Hamisi, 17:59
Mimi ninayo dawa ya matone niliyopewa nilipotolewa mtoto wa jicho mwezi wa nne. Imebaki nusu. Ilinituliza ndani ya siku moja. Mtumeni mtu aje kuichukua, kijana asiteseke bure.

Zawadi, 18:00
Asante mjomba. Hebu nisomee jina lake kwenye chupa.

Mjomba Hamisi, 18:04
Maandishi madogo. Inaanza na deksa.

Zawadi, 18:09
Deksamethasoni. Hiyo mjomba tafadhali usimpe. Kwako ilifaa kwa sababu daktari alishakagua jicho akajua halina maambukizi, akataka kutuliza uvimbe wa upasuaji. Kwenye jicho lenye mkwaruzo, dawa hiyo hiyo inazima ulinzi wa mwili. Wekundu unapungua, mgonjwa anafurahi, huku vijidudu au ukungu vinakula jicho chini kwa chini. Hapa kliniki tulimpokea mkulima aliyepigwa na jani la muhindi. Aliazima matone ya namna hiyo, akapata nafuu siku tatu. Alipokuja, kioo cha jicho kilikuwa na kidonda cheupe, na hata kilipopona kiliacha kovu. Haoni vizuri upande huo mpaka leo. Halafu chupa ikishafunguliwa haipiti wiki nne. Yako ya mwezi wa nne itupwe.

Mjomba Hamisi, 18:11
Sikulijua hilo. Naitupa.

Mama Rajabu, 18:20
Nimemaliza chupa ya lita moja na nusu. Anasema nafuu ipo, ila kila akipepesa kuna kitu kinamchoma juu.

Zawadi, 18:23
Kinachochoma kwa kila pepeso mara nyingi kimenasa ndani ya kope ya juu, na kinapiga deki kwenye jicho kila kope inaposhuka. Atazame chini. Shika kope ya juu kwa nywele zake, ivute taratibu ije ifunike kope ya chini, hesabu mpaka tatu, achia. Nywele za kope ya chini ndizo zitakazofagia. Kisha mimina maji tena. Ukimulika kwa tochi ya simu ukaona punje kwenye weupe au ndani ya kope ya chini, iguse kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowana. Ikiwa juu ya weusi, usiiguse kabisa.

Kassim, 18:27
Huku gereji tuna fundi anatoa vya kwenye weusi kwa ncha ya wembe. Mkono wake mwepesi, wengi wamepona.

Zawadi, 18:30
Kaka Kassim, mnaona waliopona. Wasiopona wanakuja kwetu, na hawarudi gereji kusimulia. Kile kioo cha mbele hakifiki unene wa milimita moja.

Mama Rajabu, 18:41
Imetoka! Mara ya pili kuvuta kope. Kachembe keusi, kadogo kuliko mbegu ya mchicha, kako hapa kwenye kitambaa. Bado anasema kama kuna kitu.

Zawadi, 18:44
Huo utakuwa mkwaruzo. Mkwaruzo unamdanganya mtu kwamba punje ingalimo. Asilifikiche, usimfunge kitambaa cha kubana, na ukimsikia ameamka nafuu, basi. Mdogo unapona ndani ya siku moja mpaka tatu. Asubuhi mpime: afunike jicho zima kwa kiganja, asome kalenda ya ukutani kwa lile bovu.

Mama Rajabu, 06:50
Zawadi, hakulala vizuri. Nikifungua mlango anageuza uso, mwanga unamuumiza. Kalenda, kwa jicho zima anasoma tarehe zote. Kwa bovu anaona jina la mwezi tu, tarehe ukungu mtupu.

Zawadi, 06:53
Mpeleke leo asubuhi kwenye kliniki ya macho. Kuogopa mwanga na kuona ukungu baada ya punje kutoka, hiyo si ya kusubiri nyumbani. Watamtia rangi ya machungwa na kumulika kwa taa ya bluu, penye mkwaruzo panang'aa kijani. Wanaweza kumtia matone ya ganzi wakati wa kumpima. Akiona yanamtuliza akaomba ya nyumbani, mkatalie, yanazuia kidonda kupona.

Mama Rajabu, 11:35
Tumetoka. Mkwaruzo upo upande wa juu, una mistari mistari. Kapewa dawa ya tyubu ya kuzuia vijidudu, turudi kesho.

Zawadi, 11:40
Mistari hiyo ni ya ile punje ilipokuwa ikipanda na kushuka na kope. Kesho msikose. Akitoka usaha, au ukiona kidoa cheupe kwenye weusi, msingoje kesho.

Bibi, 11:46
Alhamdulillah. Lakini maziwa ya mama hayajawahi kumdhuru mtu hapa kwetu.

Zawadi, 11:49
Bibi, nikija Jumapili tutaongea hilo mimi na wewe.

Kassim, 12:15
Zawadi, nina swali. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nagonga patasi kwa nyundo, kitu kikaniruka jichoni. Kilichoma kidogo tu kikaacha. Sasa naona vidoa vyeusi vinaelea. Maumivu hakuna. Nisafishe kwa maji?

Zawadi, 12:17
Usisafishe, usiliguse, usilikandamize. Kipande cha chuma kinachoruka kwenye nyundo kinaweza kupenya ndani ya jicho na kuacha tundu usiloliona, na mtu asisikie maumivu. Nenda hospitali yenye daktari wa macho leo hii. Ukifika mlangoni sema "nyundo na patasi", watajua ni picha gani waipige.

Kassim, 12:24
Leo nina geti la watu, nimeshakula hela ya awali. Kesho kutwa haifai?

Zawadi, 12:25
Haifai kaka. Wiki mbili zimeshapita tayari.

Mjomba Hamisi, 12:31
Kassim, uko gereji? Nakuja na pikipiki. Mwenye geti nitampigia mimi.