TV mpya inageuza muvi kuwa video ya harusi: mliizimaje hali hii? Tupeane uzoefu

Mpenda Sebule: Wakuu, mwezi jana nimenunua TV ya inchi 55. Kila muvi nikiweka naona video ya harusi: waigizaji wanateleza, nyumba zinaonekana mbao zilizopakwa rangi. Nimebadilisha waya wa HDMI, nikashusha muvi upya, wapi! Aliyepona aseme.

Binti wa Chuda: Mimi nilishusha Sharpness na kuweka Movie, ikatulia.

Fundi Mstaafu: Sharpness ni ugonjwa mwingine, dada. Iliyokuponya ni Movie, ila kuna TV ambazo hata hapo huacha ulainishaji wa mwendo umewashwa. Muvi hupigwa picha 24 kwa sekunde, TV inabuni nyingine za katikati na kuzichomeka. Mwendo laini namna hiyo tumezoea kuuona kwenye taarifa ya habari na mikanda ya harusi, kamera zake hupiga 50 au 60. Mtazame mtu akipita mbele ya uzio: ukingo wa kichwa ukichezacheza kama joto juu ya lami, ndiyo yenyewe. Ingia menyu ya picha. Samsung tafuta Auto Motion Plus au Picture Clarity Settings, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Weka Off. Ukikuta Filmmaker Mode, chagua hiyo tu, inazima yenyewe.

Mpenda Sebule: Kwenye flashi imekuwa sinema kabisa! Ila nikifungua YouTube, harusi imerudi.

Fundi Mstaafu: TV nyingi hukumbuka mpangilio wa kila mlango peke yake, na muvi za HDR nazo zina wao. Zima wakati kitu chenyewe kinacheza.

Kijana wa Mpira: Yangu mechi inakatika vipande vya mraba mvua ikinyesha. Nizime hiyo hiyo?

Binti wa Chuda: Hilo dishi lako, kaka.

Mama Mapacha: Mimi nilizima nikajuta. Kamera ikizunguka taratibu kuonyesha mji, picha inadundadunda mpaka kichwa kinauma. Nikaweka TruMotion kwenye User, De-Judder 2. Mume wangu anadai bado anaona harusi, mimi siioni.

Fundi Mstaafu: Skrini yako huenda ni ya 60Hz, mama. Picha 24 hazigawanyiki sawa humo: moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu. Ya 120Hz huonyesha kila moja mara tano. Hata hivyo, kudunda kidogo ni kwa muvi yenyewe, ukumbi wa sinema kupo vilevile. Hiyo 2 yako iache.

Mpenda Sebule: Mrejesho: nimezima kila mlango. Jumamosi mama mkwe kaja, katazama kidogo, kauliza mbona TV yenu siku hizi imekuwa nzito. Mlango wa king'amuzi nimemrudishia.