Masaa 4,000 ya video ndefu au Shorts milioni 10, ipi inafikika kwa chaneli ya korosho?

korosho_halisi
Wakuu habari za huko. Nina chaneli ya YouTube ya kilimo cha korosho, narekodi huku Tandahimba, kupogoa, kupulizia salfa, mpaka minada ya chama chetu cha msingi. Sabskraiba 1,000 nshapita, nina 1,340 saivi, tatizo ni masaa, yapo kama 2,600 na yanatakiwa 4,000 ili niingie kwenye programu ya YouTube ya kulipwa hela za matangazo. Sasa kuna jamaa kanambia niachane na video ndefu nipige Shorts tu, maana kuna mlango wa pili, Shorts zako zikitazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90 unaingia bila masaa. Shorts yangu ikienda vizuri sana inagonga elfu 40. Nilinganishieni, mlango upi, na ukishafunguliwa upi unalipa?

chinga_original
Shorts kaka, usijitese. Mie natupia klipu za sindimba na unyago, kuna moja imegonga laki 3 ndani ya wiki, na zile dakika watu wanazotazama Shorts nazo zinaingia kwenye masaa yako kwahiyo unaua ndege wawili. Ila usiweke nyimbo za wasanii, ukiweka wanakukata nusu ya hela yako.

Dada_Mikindani
chinga nakuheshimu mdogo wangu ila hapo umechanganya, ngoja nianze na masaa. Dakika za mtu anayeteleza kwenye Shorts haziingii kwenye yale masaa 4,000. Haziingii kabisa. Yanahesabiwa masaa ya video za kawaida zilizo wazi kwa watu wote, ukiifuta video au ukaificha masaa yake yanaondoka nayo, na hata ukilipia YouTube wakutangazie video yako masaa ya kwenye tangazo hayahesabiwi.

Sasa korosho_halisi piga hesabu yako mwenyewe. Milioni 10 kwa siku 90 ni kama laki moja na elfu 11 kila siku, miezi mitatu mfululizo, na wewe Shorts yako bora kabisa ni elfu 40. Upande wa pili umebakiza masaa 1,400 ambayo ni dakika 84,000. Nenda YouTube Studio uangalie wastani wa muda mtu anaokaa kwenye video zako, tuseme ni dakika tatu na nusu, basi unahitaji video zako zitazamwe mara 24,000 tu. Hiyo kwa chaneli yenye watu 1,340 wa kilimo inafikika, video mbili tatu za salfa zikishika inaisha.

mzee_wa_Nachingwea
Binti kaeleza vizuri, mie naongezea jambo moja. Yale masaa ni ya miezi 12 ya nyuma na dirisha linasogea kila siku. Wewe masaa yako mengi bila shaka uliyapata mwezi wa sita na wa saba mwaka jana watu walipokuwa wanatafuta dozi ya salfa. Ikifika mwezi wa sita mwaka huu yale ya mwaka jana yanaanza kudondoka, utaona namba inarudi nyuma uanze kulalamika umeibiwa. Kwahiyo video za salfa ziwe hewani kabla watu hawajaanza kupulizia, si baada.

kilwa_masoko88
samahanini nadandia, mimi nna sabskraiba 700 video za uvuvi, na nikifungua video zangu naona matangazo yanapita kabisa, mbona hela sioni? au mpaka niende benki

Dada_Mikindani
Kaka wa Kilwa, benki haihusiki. YouTube anaruhusiwa kuweka matangazo kwenye chaneli ambayo haijaingia kwenye programu, na hapo hela yote inabaki kwake. Wewe unaanza kuhesabiwa siku ukishakubaliwa na ukasaini masharti, ya nyuma hayalipwi.

Narudi kwa mwenye uzi, sasa malipo. Video ndefu ni rahisi kuelewa, tangazo likiingiza dola 10 kwenye video yako wewe unapata 5.50, yaani asilimia 55. Na video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuweka matangazo katikati, si mwanzoni tu.

Shorts ni hadithi nyingine kwa sababu tangazo linakaa kati ya Shorts na Shorts, halina mwenyewe. Wanachofanya wanakusanya hela zote za mwezi kwenye kapu, wanatoa kwanza ya kulipia muziki, kinachobaki wanagawa kwa kila nchi kufuata nani katazamwa sana. Nakupa mfano wa namba za kubuni, kapu la nchi lina dola 1,000, Shorts moja kati ya tano zimetumia wimbo mmoja, basi nusu ya sehemu hiyo ambayo ni dola 100 inaenda kwa wenye muziki, zinabaki 900. Wewe umetazamwa asilimia 1 ya wote, fungu lako ni dola 9, hapo unachukua asilimia 45, unaondoka na 4.05.

Na hapo ndo jibu la chinga: ukiweka wimbo kwenye Shorts yako wewe binafsi hukatwi nusu, ile asilimia 45 haibadiliki. Muziki unapunguza kapu la wote. Kwenye video ndefu ndo uogope wimbo, mwenye wimbo akiidai ile video anaweza kuchukua hela yote ya matangazo.

chinga_original
mh haya dada nimekusoma. ila mimi bado nasema Shorts ndo zinaleta watu, sabskraiba wangu wengi walitokea huko

mzee_wa_Nachingwea
Wanaleta watu wa sindimba, hao ukiwawekea dakika 12 za kupogoa mkorosho wanakaa? Za kwangu walikuja wengi na kwenye video ndefu hawakuonekana.

chinga_original
inategemea mzee, mimi wengine walikaa

korosho_halisi
Asanteni sana, nimeamua naenda na masaa. Swali moja, nina video kama sita ambazo ni klipu za minada nilizozitoa kwenye magrupu ya wasapu, nimeziunga tu, na moja ndo inaongoza kutazamwa kwenye chaneli. Ina shida?

Dada_Mikindani
Hiyo ndo itakuangusha. Ukiomba anakuja mtu kukagua chaneli, huwa wanaangalia video inayoongoza kutazamwa, zile mpya, na zile zenye masaa mengi. Akikuta ya kwanza ni klipu za watu zimeungwa bila sauti yako wala maelezo yako anakukataa kwa kutumia maudhui ya wengine, na unasubiri siku 30 ndo uombe tena. Afadhali urekodi mnada wenyewe, usimame hapo ueleze bei ilivyopanda au kwanini wakulima wamegoma kuuza. Ile ya zamani ukiifuta utapoteza masaa yake, kwahiyo jaza pengo kwanza.

korosho_halisi
Ina masaa kama 500 ile 😅

kilwa_masoko88
na hiyo barua ya namba ya siri ya AdSense inafikaje huku, mtaa wetu hauna posta

mzee_wa_Nachingwea
Tumia sanduku la posta, hata la shule au la ndugu, ila jina liwe lako. Inatumwa ukishafikisha dola 10, na hela yenyewe haitoki mpaka dola 100. Isipofika unaomba nyingine.

chinga_original
korosho_halisi usifute yote kwa mpigo bana, weka mbili mpya za mnada kwanza uone zinakupa masaa mangapi