Mdosi wa chaneli anabadilisha taito zangu usiku, na sasa watu wanaacha dawa za presha

FundiVideo_Kondele

Wasee niko na hasira mbaya, mkiona spelingi imeruka mjue ni vidole vinatetemeka.

Kazi yangu ni kuhariri video na kuandika yale maneno yote yanaizunguka, taito, deskripsheni, tagi, chapta, mpaka maandishi ya thamneli. Kuna chaneli moja ya afya hapa Kisumu, jina sitaji. Anayeongea ni nesi wa kliniki ya presha na sukari, mama mtulivu, Kiswahili chake mama wa Kibuye sokoni anaelewa na daktari pia anaelewa. Video ya juzi ilikuwa ya amlodipine, hiyo tembe ya presha wazee wengi wanapewa, na vile inafanya miguu ivimbe. Alieleza vizuri hadi mimi mwenyewe nikasahau kukata. Kwamba dawa inalegeza mishipa midogo ya damu, maji kidogo yanapenya yanashuka chini, ndio jioni viatu vinabana na soksi inaacha mtaro mguuni, na wa miligramu 10 wanavimba zaidi kuliko wa 5. Figo haijaguswa hapo. Usiache dawa mwenyewe, rudi kliniki wakupunguzie dozi ama wakuongezee nyingine ama wakubadilishie kabisa. Basi, video imeisha.

Mimi nikaandika hivi:

Miguu kuvimba na dawa ya presha amlodipine: sababu na cha kufanya

Hiyo ni herufi 65 ukihesabu na nafasi. Yutubu inakubali mpaka 100 lakini kwa simu inakatwa kabla ya hapo, kwa hivyo maneno yenye mtu anaandika akitafuta lazima yakae mbele, "miguu kuvimba", "dawa ya presha", na jina la dawa vile limeandikwa kwa pakiti. Hakuna mtu wa Nyalenda ataandika "athari za dawa za shinikizo la damu" saa nne usiku akiangalia mguu wake. Shinikizo la damu nililiweka kwa deskripsheni, mara moja tu, kwa sentensi ya kawaida.

Kuamka asubuhi nakuta mdosi aliingia usiku akaandika hii:

DAWA HII YA PRESHA INAUA FIGO ZAKO!! ACHA MARA MOJA UTUMIE HII

Hiyo "HII" ya mwisho hata haiko kwa video! Hakuna dawa nyingine imetajwa mahali popote. Thamneli nayo ni figo mbili nyekundu zimepigwa msalaba, na nesi wa watu amekatwa kwa ile sekunde amefungua mdomo, anakaa mtu ameona chatu kitandani.

Komenti ya kwanza, naikopi vile ilivyo: "asante daktari nimezimwaga kwa choo jana sasa hiyo ingine inaitwaje". Nimemjibu, nimembembeleza, hajarudi. Mtu presha yake ilikuwa imeshikwa na tembe moja ya asubuhi, amezimwaga kwa sababu ya taito, video yenyewe pengine hakuitazama. Na kinachouma zaidi ni kwamba presha ikiachiliwa hivyo ndio inaharibu hizo figo alikuwa anaogopea.

Nikimwuliza mdosi ananiambia taito yangu haina moto, haitatafutwa. Uongo mtupu! Nenda kwa takwimu za chaneli, fungua chanzo kinaitwa YouTube search, utaona maneno yenye watu waliandika kabla ya kufika. Yalikuwa "amlodipine miguu kuvimba", "dawa ya presha inavimbisha miguu", "kuvimba miguu presha". Hakuna hata mmoja aliandika "inaua figo zako acha mara moja". Yeye anachanganya kutafutwa na kushtua. Anayetafuta alikuwa anakuja tu kwa taito yangu. Hao wa kushtuliwa wanaingia, wanasikia nesi anasema "usiache dawa", wanaona wamechezwa, wanatoka, na Yutubu inaona wanavyotoka.

Sasa niambieni, nifanye nini na huyu mtu. Na kama kuna njia ya kuandika taito yenye ataridhika bila kudanganya watu leteni hapa.

---

Bonface_wa_Views

Bro unaumia bure. Dawa ya hiyo ni alama ya swali. Andika "Je, amlodipine inaharibu figo?" Hapo hujadai kitu, umeuliza tu, mdosi anapata moto wake na wewe unalala. Alafu tagi jaza zote, presha, figo, sukari, kensa, weka kila kitu, tagi hakuna mtu anaziona.

---

NesiMstaafu_Kakamega

Mwanangu Bonface, nusu yako iko sawa, nusu itakuletea shida. Nilisaidia kuandaa vipindi vya afya vya redio kabla ya haya ya video, na bado naandikia chaneli mbili.

Swali ni zuri kwa kutafutwa kwa sababu watu kweli wanaandika maswali, na hilo la figo wanaliandika sana, naliskia hata kliniki. Lakini kumbuka wengi wanaona taito tu wakipita, hawabonyezi. Ukiuliza "inaharibu figo?" na chini yake kuna figo nyekundu, thamneli imeshajibu, na mama ambaye hakubonyeza ameondoka na hilo jibu. Kwa hivyo swali la kutisha mimi siliweki juu. Naliweka ndani, kwa chapta. FundiVideo, video yako ingekaa hivi:

```
0:00 Miguu inavimba jioni: ni dawa?
1:20 Kwa nini amlodipine inavimbisha miguu
2:45 Je, amlodipine inaharibu figo?
3:50 Usiache dawa: cha kumwambia daktari
5:05 Dalili za kwenda hospitali leo
```

Ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu ama zaidi zikifuatana, na kila moja isipungue sekunde 10, la sivyo hazitokei. Hapo yule wa figo anafika moja kwa moja kwa jibu lake, na anayepita hajatishwa.

Tagi sasa. Yutubu wenyewe wanasema zinasaidia kidogo sana, kazi yake kubwa ni makosa ya spelingi. Weka "amlodipin", "amlodipini", "presha ya kupanda", inatosha. Ukiweka kensa kwa video ya miguu hiyo ni kupotosha, na ukirundika hizo tagi kwa deskripsheni ndio mbaya zaidi, inahesabiwa spamu.

---

MamaKevo_Bungoma

Samahani naingilia. Mama yangu ako na miaka 68 anatumia hiyo dawa, mguu unavimba ikifika jioni, asubuhi uko sawa. Tumpatie nusu ya tembe ama tuache kidogo tuone?

---

NesiMstaafu_Kakamega

Dada, usimkatie na usimwachishe. Mpeleke kliniki yake na kitabu cha presha, waambie inavimba jioni na asubuhi inapungua, na uwaambie ni miguu yote miwili ama mmoja. Kama ni mmoja na unauma, au anakosa pumzi akilala chali, au uso pia umevimba, usingoje siku ya kliniki, mpeleke leo.

FundiVideo angalia vile ameandika: "mguu unavimba ikifika jioni". Hayo ndio maneno ya mstari wa kwanza wa deskripsheni yako. Hiyo mistari miwili ya juu ndio mtu anaona bila kufungua. Mimi ningeandika: "Mguu unavimba jioni na unatumia amlodipine? Nesi anaeleza kwa nini inatokea, na kwa nini usiache dawa kabla ya kuongea na kliniki yako." Alafu yale ya mguu mmoja na pumzi yanafuata hapo chini, wazi, bila herufi kubwa.

---

FundiVideo_Kondele

Hiyo ya chapta nimeichukua, asante mama. Lakini kwa hili la figo bado tunapingana kidogo. Kama watu wanaandika "amlodipine figo" na taito yangu haina neno figo, si wanaangukia kwa wale wenye wanauza unga wa mizizi? Hao neno figo wameliweka mbele kabisa. Nikikataa kuliandika nimewaachia uwanja.

---

NesiMstaafu_Kakamega

Hilo ni la haki. Kama nesi anaongea juu ya figo kwa kirefu, tengeneza video yake peke yake, na taito ibebe jibu badala ya swali: "Amlodipine na figo: kwa nini presha ya juu ndiyo hatari". Neno liko, uoga haupo. Lakini kama figo ni dakika moja ndani ya video ya miguu, kulipeleka juu ni kumwahidi mtu kitu hatapata. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, wanasema neno liingie popote bora jibu liwe la kweli. Sijawashinda bado.

---

Mitishamba_Nakuru

Mimi nauza mitishamba na nina video zangu. Nikitoa "inaponya presha" nikaweka "inasaidia presha" niko sawa? Maana hii mambo ya kufutiwa video imezidi.

---

NesiMstaafu_Kakamega

Inasaidia kufanya nini, ndugu? Inashusha namba kwa mashine? Nani alipima, akiwa ameacha tembe zake ama akiendelea? Kama kwa video huna jibu la hayo, kitenzi chochote utakachoweka bado ni ahadi. Sheria ya Yutubu, tangu waipange upya 2023, inaangalia mambo ya kinga, matibabu na kukana ugonjwa, na taito na thamneli zinahesabika pia. Ukimwambia mtu aache dawa ya hospitali atumie yako, hata ukiandika kwa upole inaweza kufutwa. Ukitaka kitu cha kuandika, andika huo mmea ni nini, unapikwa vipi, na nani asiutumie kwa sababu ako kwa dawa. Hiyo inatafutwa pia.

---

Bonface_wa_Views

Sawa mama nimekubali ya kensa lakini nyinyi mnaongea ni kama views zinalipa kodi ya nyumba zenu kwa huruma. Mdosi akiona namba imeshuka wiki ya kwanza anamtoa huyu jamaa kazini, na atakayemfuata ataweka figo tatu.

---

FundiVideo_Kondele

Bonface hapo umenigusa na sina jibu. Nimefanya hivi: nimempigia nesi, nikamsomea taito yenye iko juu ya uso wake. Hakuwa anajua, yeye hutumiwa tu linki na haifungui. Amenyamaza, akauliza nani aliandika, alafu akasema hatarekodi tena mpaka iandikwe kwamba taito na thamneli anaziona kabla zipande na zikibadilishwa anaulizwa. Mdosi ananitafuta tangu saa sita, simu tatu sijachukua. Taito kwa sasa nimeirudisha ya kwangu na chapta nimeweka, na juu kabisa kwa komenti nimebandika ya nesi mwenyewe: kama uliacha tembe kwa sababu ya taito ya jana, rudi kliniki kesho upimwe, usingoje tarehe yako.

Yule wa choo bado hajajibu.