Naomba ushauri: namna ya kuigeuza nadharia ya Vygotsky kuwa andalio la somo

Habari zenu walimu. Wiki mbili zijazo naanza mazoezi ya kufundisha, somo la Kiswahili, Kidato cha Pili. Nataka kiolezo cha andalio nitakachokitumia kila siku, nikijenge juu ya mhadhara tuliopewa kuhusu Vygotsky: mwanafunzi hujifunza vizuri pale anapofanya kwa msaada jambo ambalo peke yake bado halimudu, kisha msaada unapunguzwa taratibu.

Nimejaribu na upatanisho wa kisarufi, vipindi viwili, dakika 80. Utangulizi, dakika 10: kila mmoja anaandika wingi wa "mti umeanguka" na "kiti kimevunjika" bila msaada, ili nijue alipo. Maarifa mapya, dakika 30: nafanya mifano miwili ubaoni nikieleza ninavyofikiri, halafu wawili wawili wanaendelea na jedwali ambalo nusu ya viambishi vimeshajazwa. Kuimarisha, dakika 25: jedwali naliondoa. Dakika 15 za mwisho ni tathmini, kila mtu peke yake.

Ninapokwama ni safu ya upimaji. Mwanzoni niliandika "wanafunzi wameelewa", nikaona haipimi kitu. Sasa naandika "anapatanisha sentensi 4 kati ya 5 bila jedwali". Je, inatosha? Na wale watakaoshindwa jedwali likiondolewa, niwarudishie palepale au niwasubiri kipindi kijacho? Darasa lina wanafunzi zaidi ya 60, siwezi kumfikia kila mmoja. Mliopitia hili, mlifanyaje?