Mbegu za papai nimempa, choo kimepimwa "hakuna minyoo", mbona bado anajikuna?

Mama Pendo:
Habari zenu jamani. Binti yangu ana miaka 6. Mwezi uliopita alianza kujikuna sehemu ya haja kubwa usiku, hata usingizi hapati. Nilikausha mbegu za papai, nikazisaga, nikampa kijiko cha chai na asali kila asubuhi kwa siku 5. Akatulia kama wiki 2, sasa imerudi vilevile. Nikampeleka kupima choo, jibu likaja hakuna minyoo. Mama mkwe anataka niongeze mbegu za maboga na maji ya majani machungu. Ameshaleta chupa nzima. Nifuate lipi?

Jivu la Moto:
Ongeza dozi dada, siku 5 ni chache. Sokwe wa Mahale wakiumwa tumbo hutafuna mtugutu na wanapona, nani aliwaandikia vidonge? Na mbegu za papai zilishajaribiwa Nijeria kwa watoto 60, wengi wakawa safi. Sisi kazi yetu kudharau vya kwetu.

Kobe Mpole:
Mbegu za maboga zinafanya kazi, mimi shahidi. Nilikuwa natoa vipande vyeupe bapa chooni, vinajisogeza. Nikala mbegu mbichi, ikatoka kitu kama utepe mrefu. Miezi 3 baadaye vipande vimerudi, ndiyo nimeanza tena.

Mwana Hadubini:
Nakaa maabara miaka mingi, hebu niingie.

Mama Pendo, kipimo hakikukosea, ila hakikuwa chake. Kujikuna usiku kwa mtoto wa umri huo mara nyingi ni minyoo wadogo weupe kama vipande vya uzi. Jike hatagi tumboni. Usiku mtoto akiwa amelala anatoka nje, anataga kwenye ngozi, ndiyo maana choo kinaonekana safi. Kesho asubuhi, kabla hajaoga wala kwenda chooni, chukua selotepu inayoonyesha upande wa pili, bandika upande wa gundi kwenye ngozi pale pale, kisha uibandike juu ya kioo cha maabara. Fanya asubuhi 3 mfululizo, maana siku moja inaweza kukosa.

Na kwa ule utulivu wa wiki 2, usizipe mbegu za papai sifa haraka. Majike wakishataga wanakufa, mwasho unapungua. Mtoto kajikuna, mayai yako chini ya kucha, anayameza, na baada ya wiki kadhaa kizazi kipya kiko tayari.

Jivu, ile ya Nijeria ni ya kweli: 23 kati ya 30 waliopewa mbegu walikuwa safi, na 5 kati ya 30 waliopewa asali tupu. Lakini walipimwa choo, siku ya 7. Kwa minyoo hawa choo hakisemi kitu. Na sokwe hutafuna kiini cha shina, majani na maganda wanayatupa kwanza. Sisi tunachemsha yale yale wanayotupa.

Jivu la Moto:
La kiini sikulijua. Hata hivyo 23 kwa 5 si mchezo.

Mwana Hadubini:
Si mchezo, sibishi. Ila ni watoto wachache, na kijiko cha mtu hakijulikani kina nini. Mama Pendo, hiyo chupa ni majani gani?

Mama Pendo:
Hata yeye hajui jina, anasema tu "yale machungu". Nimeiweka juu kabatini.

Mrejesho: asubuhi ya pili mayai yameonekana! Nimepewa albendazoli miligramu 400, mara moja, turudie baada ya wiki 2, nyumba nzima siku moja. Baba yake hataki, eti yeye hawashwi. Na wifi yangu ana mimba changa.

Mwana Hadubini:
Wengi wanao bila kuwashwa, asipomeza atamrudishia mtoto. Kurudia ni kwa sababu dawa inaua minyoo, mayai yanabaki. Siku hiyo fua mashuka, kata kucha, mwogeshe asubuhi. Wifi asimeze hadi aongee na mkunga, na mbegu za papai asiguse kabisa.

Kobe, wewe ni tegu. Mwili umetoka, kichwa kimebaki kimeng'ata utumbo, kinaota upya. Dawa yake ni prazikwanteli, lakini usijinunulie: tegu wa nguruwe anaweza kuwa ameacha vifuko kwenye ubongo, na dawa ikavichokoza ukapata degedege. Peleka kipande kitambuliwe kwanza.

Mama Pendo:
Baba Pendo amesoma, kanyamaza. Vidonge vyake bado viko mezani.

Kobe Mpole:
Mmenitisha. Kipande nikikipata nakibeba kwenye nini?

Mwana Hadubini:
Chupa safi yenye kifuniko, maji kidogo. Usikishike kwa mkono mtupu.