Naomba ushauri: wimbo wa kumtumia mama, ubeti umenikwamia

Wakuu, salaam. Mimi ni wa Tanga, nafanya kazi Maskati. Namtungia mama wimbo nimrekodie kwa simu, mwenzangu chumbani anapiga udi. Nimefuata shairi letu la kawaida, mizani 16, nane kwa nane, vina kati na mwisho. Ubeti unaanza hivi:

Mama niko ugenini, usiku umenifika,
Nanusa mdalasini, chai yako yachemka

Mwanzo niliandika "harufu ya mdalasini", zikawa tisa, maana ile "m" nayo ni mizani. Nikaweka "nanusa", ikakaa sawa.

Shida iko kwenye "yachemka". Kwa karatasi imetimia, ila sauti yetu inavutwa kwenye mizani ya saba, na hapo ndipo ilipo "m". Utavutaje "m"? Mdomo umefumba, nasikika kama naugua jino. Mwenzangu anasema niweke "inafuka", nivute "fu". Inaimbika kweli, lakini kwetu alfajiri mtu huamshwa na mlio wa birika kuchemka, si mvuke. Je, nibadili neno au tuhamishe mvuto kwenye mizani ya sita, "che"?

La pili ni kibwagizo. Nimeweka "nitarudi", na mkataba umebakiza mwaka na nusu. Mama akisikia ataanza kuandaa chumba, namjua. Nimefikiria "niombee", ila naona kama nitamtia hofu kwamba naumwa. Ninyi mliowahi kuwaimbia wa nyumbani, mliweka neno gani hapo?