Mita ndogo hazilingani na mita kuu: tofauti ilipwe na nani?

Mpangaji wa Chini: Habari zenu wakubwa. Tuko kaya tatu kwenye jengo lenye mita kuu moja ya umeme wa kununua tokeni, na kila kaya ina mita yake ndogo. Mwezi uliopita mita kuu ilikula uniti 200, ilhali mita ndogo zilisoma 90, 50 na 30. Mwenye nyumba anataka uniti 30 zilizobaki tuzigawane sawa kwa sawa, lakini jirani aliyetumia 30 analalamika kwamba anaongezewa theluthi ya matumizi yake kwa kitu asichokijua.

Bwana Hesabu: Gaweni kwa uwiano. Mwenye 90 abebe takriban 16, wa pili 9, wa tatu 5, kwa kuwa anayetumia zaidi ndiye anayepoteza zaidi kwenye nyaya.

Mama Pacha: Kwetu ugomvi ni wa kuchanga. Mmoja husubiri wenzake wanunue tokeni, kisha anapiga pasi usiku kucha. Huyo wenu naye abanwe alipe!

Fundi wa Nyaya: Dada, huyo hajakataa kulipa, anauliza analipia nini. Bwana Hesabu, upotevu wa nyaya upo, ila kwenye jengo dogo lenye nyaya nzima hauwezi kufika uniti 30 kati ya 200. Mpangaji, zimeni swichi kuu za kaya zote tatu kwa wakati mmoja, kisha tazameni kitaa chekundu cha mita kuu. Kikiendelea kumeta, kuna kitu kinachokula umeme bila kupitia mita ndogo. Pimeni sekunde kati ya mmeto na mmeto, na mnisomee namba iliyoandikwa kando ya imp/kWh.

Mpangaji wa Chini: Tumezima mchana huu. Kinameta kila baada ya sekunde 90, na mita imeandikwa 1000 imp/kWh.

Fundi wa Nyaya: Basi ni mimeto 40 kwa saa, na kwa kuwa kwenye mita hiyo mimeto 1000 ni uniti moja, hizo ni wati 40. Kikiwaka hivyo saa 24 kwa siku 30, ni uniti 28.8, karibu pengo lenu lote. Tafuteni taa ya ngazi au ya uani isiyozimwa mchana. Ikiwa ni ya wote, kugawana sawa kunaeleweka. Ikiwa waya unaelekea kwa mtu mmoja, alipe yeye. Rudieni kipimo usiku, maana taa zinazojiwasha gizani hamkuziona.

Bwana Hesabu: Hapo nimekubali. Lakini mahali ambapo bei ya uniti hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, huyo wa 30 angekuwa na mita yake angebaki kwenye bei ya chini. Mkigawa kwa bei ya wastani, anamlipia mwenye 90.

Fundi wa Nyaya: Ni kweli, na mita ndogo haiwezi kulitatua hilo. Ama aombe mita yake mwenyewe, ama mwenye 90 akubali kubeba uniti za bei ya juu, na sijaona wengi wanaokubali.

Mpangaji wa Chini: Mwenye 90 ni mwenye nyumba mwenyewe.